Kopo la Fundi

Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, la zamani, rangi imebanduka upande mmoja. Fundi aliliweka mezani, akafungua kifuniko na kunimwagia kila kidonge alichokuwa nacho nyumbani. Nilikuwa nimemwomba aje navyo vyote. Kwa kawaida wagonjwa wetu huja na daftari tu, na daftari huonyesha tulichoandika sisi. Kopo huonyesha kinachomezwa.

Nilianza kutenga. Metfomini ya sukari, vile vyeupe vikubwa. Losatani ya presha. Gliklazaidi, kidonge kipya cha sukari nilichomwanzishia wiki mbili kabla. Kisha glibenklamaidi, kile kidogo nilichokuwa nimekisimamisha siku hiyohiyo ya wiki mbili kabla, na karatasi yake ilionyesha wazi kwamba bado kinapungua. Chini kabisa nikakuta diklofenaki, kadi mbili na nusu.

"Na hizi, Fundi?"

"Hizo za mgongo. Hizo si dawa, mwanangu, ni za maumivu tu."

Nikamtoboa kidole. Sukari 3.4, chini mno, saa nne asubuhi, mtu aliyekunywa chai na vitumbua. Nikamuuliza anajisikiaje, akasema vizuri, ila tangu juzi mikono imekuwa mizito kushika sindano.

Mimi ni tabibu katika kliniki ya kisukari ya mji mmoja wa pwani ya Tanzania, na Fundi ni fundi cherehani wa miaka 58 ambaye tumekuwa naye kwa miaka 11. Amenipa ruhusa ya kuandika haya, na nimebadilisha mambo machache ili asitambulike mtaani. Ninachotaka kueleza ni barua niliyomwandikia jioni ile, kwa nini niliiandika, na kwa nini sentensi zake zilinitesa kuliko nilivyotarajia.

Nianze na kosa, na ni langu. Siku niliyombadilishia dawa nilimweleza kwa mdomo, kwa dakika tano hivi, huku foleni ikisukuma mlango. Halafu nikaandika kwenye daftari lake kwa Kiingereza cha hospitali: vifupisho, namba, mshale mmoja wa kushuka na mkwaju mmoja. Maandishi yale yalikuwa mazuri kabisa kwa daktari atakayesoma baada yangu. Yeye mwenye daftari sikumwandikia kitu. Akaenda nyumbani na kidonge kipya, akakiongeza juu ya vile vya zamani.

Ukimsikiliza, ana haki. Kwa miaka 11 kila tulipogusa dawa zake tuliongeza. Tulianza na metfomini kimoja, vikawa viwili, vikawa vinne. Tukaongeza glibenklamaidi. Tukaongeza ya presha. Hajawahi hata siku moja kutoka kwetu na dawa pungufu, kwa hiyo kidonge kipya kwake maana yake ni nguvu ya nyongeza.

Kilichofanya nimbadilishie ni alfajiri moja ya mwezi wa kwanza. Mkewe aliamka kuswali akamkuta Fundi amelowa jasho, shuka imelowa, anazungumza maneno yasiyoungana. Wakamleta kwa bajaji. Sukari ilikuwa 2.3. Akawekewa dripu ya glukosi, ikapanda hadi 9, akaomba chai, akaanza kuuliza nani amefungua duka lake. Ndugu wakataka kuondoka naye. Daktari wa zamu akawazuia, na alifanya vyema, kwani saa tatu baadaye sukari ilikuwa imerudi 3.1.

Kule kurudi ndiko kulikonipa picha. Mtu aliyeruka mlo akashuka sukari, ukimpa glukosi na chakula hupanda na kubaki juu. Anayepanda kisha akazama tena peke yake bado ana dawa mwilini inayofanya kazi. Glibenklamaidi huvunjwa na ini, lakini vipande vinavyobaki vinaendelea kushusha sukari, na karibu nusu ya vipande hivyo hutoka kwa mkojo. Figo zikilegea, kidonge cha jana jioni kinakuwa bado kinafanya kazi wakati cha leo asubuhi kinamezwa. Ndiyo sababu mgonjwa wa namna hii hulazwa na kupimwa sukari usiku kucha, hata kama anacheka na kusalimia watu.

Tukachukua damu ya figo. Kreatinini ilikuwa 176. Nikafungua kurasa za nyuma za daftari kutafuta ya mwisho: 115, miezi 14 iliyopita. Kipimo cha mwaka kilikuwa kimepitwa na hakuna aliyeona, mimi nikiwemo.

Namba hizi mbili zinadanganya kidogo. Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli, na figo ndizo huitoa. Ikibaki nyingi kwenye damu, utoaji umepungua. Lakini kutoka 115 hadi 176 mtu anaweza kuona ni kama imepanda nusu tu, na 115 yenyewe ilizidi kidogo sana kikomo kilichochapwa kwenye karatasi ya maabara. Ukiingiza namba hizo pamoja na umri na jinsia kwenye fomula ya CKD-EPI ya mwaka 2021 unapata kinachohitajika hasa, yaani kasi ya uchujaji, ile inayoandikwa eGFR. Ya miezi 14 nyuma ilikuwa 64. Ya alfajiri ile ilikuwa 38. Wiki mbili baadaye, siku ya kopo, nikarudia kipimo: kreatinini 172, uchujaji 39. Mkojo nao ulikuwa na protini alama mbili.

Sasa nikageuza kurasa za sukari, na hapa ndipo nilipoona aibu. Kwa miezi sita sukari ya Fundi ya asubuhi ilikuwa ikishuka taratibu: 8, kisha 7, kisha 6, kisha 5 na kitu. Dawa zilezile, chakula kilekile. Yeye alifurahi, mkewe alifurahi, na mimi niliandika "safi sana" kwa kalamu nyekundu. Kwa mtu mwenye kisukari cha muda mrefu, sukari inayoshuka bila yeye kubadili chochote ni jambo la kuuliza. Figo nzima huondoa sehemu ya insulini mwilini, pamoja na mabaki ya vidonge. Zikidhoofika, insulini inakaa muda mrefu zaidi, dawa inakaa muda mrefu zaidi, na namba ya kidoleni inapendeza. Wapo wanaofikia kusema wamepona kisukari, wakaacha kliniki, na wakarudi miguu imevimba.

Basi jioni ile, kliniki imeisha, nikakaa kumwandikia Fundi barua. Kwa Kiswahili, kwa mkono, herufi zinazosomeka. Nilijua haisomi yeye. Macho yake ya karibu yameharibika, siku hizi uzi anatungiwa na kijana wa dukani. Ingesomwa na mjukuu wake wa kidato cha pili, kwa sauti, bibi akiwa pembeni. Barua ya kusomwa kwa sauti haibebi mabano wala vifupisho. Sentensi ikiwa ndefu, mtoto anapotea katikati na wazee wanapotea naye.

Ilianza hivi:

"Shikamoo Fundi. Barua hii ni yako, si ya daktari mwingine. Nimebadilisha vidonge vyako kwa sababu figo zako zimepunguza kazi. Vidonge vya zamani havikuwa vibaya, na wewe hukukosea kuvimeza. Lakini mwili uliokuwa unavitoa zamani, sasa unavitoa polepole."

Sentensi ya tatu niliifuta mara nne. Mwanzoni niliandika kwamba dawa zile "zina madhara kwa figo". Haikuwa kweli. Metfomini haiharibu figo, na glibenklamaidi haikuziharibu figo za Fundi. Kilichoziharibu ni miaka ya sukari na presha, na huenda kwa mwaka huu ni kile kilichokuwa chini ya kopo. Ningemwandikia kwamba dawa za sukari zinaharibu figo angeziacha zote, na angewaambia wenzake wa kijiweni, ambao nao wangeacha.

Baada ya hapo nilihitaji kumweleza figo zinafanya nini. Mfano wa kawaida ni chujio, na huku pwani kila nyumba inajua kifumbu cha kukamulia tui. Niliuandika nikaukata. Ukimwambia mtu chujio lake halifanyi kazi anafikiri limeziba, na kilichoziba huzibuliwa. Mitaani kuna chupa za majani za "kusafisha figo" zinazongoja mtu mwenye wazo hilo. Nyingine hazijulikani zina nini ndani, na figo iliyobaki na uchujaji wa 39 haina nafasi ya kujaribiwa. Tena, kwenye kisukari ubaya huanza kwa chujio kulegea hadi likapitisha protini ambayo haikutakiwa kupita. Alama mbili za kwenye mkojo wa Fundi ndizo hizo.

Nikaenda kwenye kazi yake mwenyewe.

"Chukua karakana yenye cherehani 100. Kila siku vinaletwa vitambaa vilevile, na jioni nguo zote zimetoka. Mwaka juzi zako zilikuwa zimebaki 64, na kazi ilikuwa bado inakwenda. Sasa zimebaki 39. Vitambaa vinaletwa vilevile. Kwa hiyo vinarundikana sakafuni. Vidonge ulivyokuwa unameza ndivyo vitambaa. Hatukubadili kwa sababu kitambaa ni kibovu. Tumepunguza mzigo ulingane na cherehani zilizopo."

Mfano huu ulikuwa na faida ambayo sikuipanga. Cherehani iliyokufa haizibuliwi. Na fundi yeyote anajua kwamba ukizilazimisha zilizobaki zifanye kazi ya zile zilizokufa, nazo zitaungua. Ndivyo inavyokuwa: vichujio vilivyobaki hufanya kazi kwa shinikizo kubwa kupita kiasi, na hiyo yenyewe huviua.

Kisha kidonge kimoja kimoja. Niliviandika kwa mpangilio wa hatari, si kwa mpangilio wa daftari.

"Kile kidogo, glibenklamaidi, kimeondoka kabisa. Usikimeze tena hata nusu. Kilikuwa kinabaki mwilini usiku kucha, ndicho kilichokuangusha ile alfajiri. Mahali pake nimeweka gliklazaidi, kimoja asubuhi, pamoja na chakula. Usikivunje, usikitafune. Hivi viwili ni ndugu, havimezwi pamoja. Vilivyobaki kwenye kopo niletee."

Tofauti ya ndugu hawa ni ndogo kuieleza na kubwa kwa mgonjwa. Gliklazaidi nayo hulisukuma kongosho kutoa insulini, kwa hiyo nayo inaweza kushusha sukari. Lakini ini likishaivunja, vipande vyake havina nguvu tena. Figo zikichelewa kuvitoa, vinakaa tu. Nilimwanzishia miligramu 30, ya chini kabisa katika aina inayoyeyuka polepole. Vikiwa viwili pamoja, kama alivyofanya kwa wiki mbili, kongosho linasukumwa na mikono miwili wakati mmoja, na mmoja wao hauchoki. Ile 3.4 ya saa nne ndiyo hiyo.

Metfomini ilinipa kazi zaidi, kwa sababu hii haikuondoka.

"Vile vikubwa vyeupe ulikuwa unameza viwili asubuhi na viwili jioni. Sasa ni kimoja asubuhi na kimoja jioni. Hiki hakivunjwi na kitu chochote mwilini, kinatoka kwa mkojo kama kilivyoingia. Njia yake ya kutoka ni figo peke yake. Cherehani zikipungua chini ya 30, nitakisimamisha nacho."

Kila kidonge chake ni miligramu 500, kwa hiyo alitoka 2000 kwa siku akaja 1000. Mpaka huo unafuatwa sehemu nyingi: uchujaji ukiwa kati ya 30 na 45, nusu ya dozi ya juu, na chini ya 30, hapana. Kinachoogopwa ni asidi ya laktiki. Mwili huitengeneza kila siku na ini huitumia. Metfomini ikijaa sana kwenye damu, ini linapunguza kuitumia, nayo inarundikana. Jambo hili ni la nadra. Mara nyingi halimpati mtu aliyekaa tu nyumbani akimeza vidonge vyake, bali yule aliyeharisha siku mbili, maji yamemwishia, figo zimesimama ghafla, na yeye kwa uaminifu ameendelea kumeza. Anaanza kichefuchefu na tumbo kuuma, watu wanadhani ni kuharisha kulekule, kisha anapumua haraka na kwa kina kama aliyekimbia, na anasinzia. Kwa hiyo niliongeza mistari hii, na nikampigia mstari chini:

"Siku ukitapika au ukiharisha hadi huwezi kunywa vizuri, simamisha metfomini na ile ya presha mpaka ule na kunywa kama kawaida kwa siku nzima. Pima sukari asubuhi na jioni. Kama huwezi kula, gliklazaidi pia usimeze siku hiyo. Ukipumua haraka au ukisinzia, usisubiri kuche."

Losatani ilibaki ilivyokuwa. Hapa wagonjwa wanaojua kusoma karatasi za dawa hutusumbua, na wana sababu, maana dawa hii inaweza yenyewe kupandisha kreatinini kidogo. Nilimwandikia Fundi kwamba hii inazipunguzia cherehani kasi ili zisiungue, na cherehani inayokwenda polepole hutoa nguo chache kwa siku lakini inadumu miaka. Kreatinini ikipanda chini ya asilimia 30 baada ya kuanza dawa hii tunaivumilia. Yeye ameitumia miaka minne, kwa hiyo kupanda kwa mwaka huu hakukutoka huko. Tulipima na potasiamu, ambayo losatani huipandisha. Ilikuwa 4.8, tukaendelea.

Kulikuwa na dawa ambayo ningependa kumpa na sikuiweka kwenye barua, dapagliflozini. Inasaidia figo za namna hii hata pale ambapo nguvu yake ya kushusha sukari imepungua. Stoo yetu haikuwa nayo, na bei ya duka la nje ilikuwa ni mapato yake ya siku nyingi. Nilimweleza baadaye kwa mdomo. Kumwandikia mtu dawa asiyoweza kuinunua, kwenye barua itakayosomwa mbele ya mke na mjukuu, niliona si uungwana.

Halafu diklofenaki. Nilijua hapa ndipo barua ingeshinda au kushindwa. Mgongo wa fundi aliyeinama kwenye cherehani kwa miaka 35 unauma kweli, na kadi ile inapatikana kila kona bila swali.

"Zile za mgongo ni dawa, Fundi, na kwa figo zako ni kali kuliko zote zilizokuwa kwenye kopo. Zinapunguza damu inayokwenda kwenye figo. Ni sawa na kukata umeme karakana nzima. Cherehani hazijafa, lakini hazizunguki. Ukiacha, umeme unaweza kurudi. Brufeni nayo ni hivyohivyo, na sindano ya maumivu ni hivyohivyo. Mgongo ukiuma meza parasetamoli viwili, usizidishe mara tatu kwa siku. Popote utakapokwenda kununua dawa, mwonyeshe muuzaji barua hii."

Sikumwahidi kwamba umeme utarudi. Nilikuwa na matumaini, kwa sababu kushuka kutoka 64 hadi 38 ndani ya miezi 14 ni haraka kuliko kisukari peke yake kinavyoenda kwa kawaida, na mkewe aliniambia kadi hizo zilianza kununuliwa kila wiki tangu kabla ya Idi iliyopita. Lakini matumaini yangu hayakuwa na kipimo bado.

Sentensi ngumu kuliko zote haikuwa ya figo. Ilikuwa ya sukari.

"Sukari yako itapanda kidogo. Ulizoea kuona 5 asubuhi, sasa utaona 7, pengine 9. Usiogope na usirudie vidonge vya zamani. Ile 5 haikuwa afya, ilikuwa dawa iliyorundikana. Kwa sasa tunataka kabla ya kula iwe kati ya 6 na 9. Ikiwa chini ya 4, kunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari, subiri robo saa, pima tena, kisha kula. Ikizidi 14 siku mbili mfululizo, njoo."

Kwa miaka 11 tumemfundisha mtu huyu kwamba namba ndogo ni sifa na namba kubwa ni aibu. Tumempongeza mbele ya benchi zima kwa ajili ya 5. Sasa tunamwandikia kwamba tumekubali 9. Nilijua angesoma hapo kama mtu aliyekatiwa tamaa, kwamba wameona hakuna cha kufanya wakalegeza. Nikaongeza kwamba sukari ya 9 asubuhi haitamuua usiku na ile ya 2 inaweza, na kwamba miezi ya mbele tutaishusha tena taratibu tukishajua figo zimetulia wapi.

Mambo mawili niliyaacha nje kwa makusudi. La kwanza ni jina la hatua ya ugonjwa wa figo. Kwenye faili lake imeandikwa hatua ya 3B. Huku kwetu hatua watu wanazijua kutoka kwenye saratani, na ya tatu ni ya kuita ndugu. La pili ni mashine ya kusafisha damu. Kumwandikia asifikirie mashine ni kumfanya aifikirie. Hilo la pili nilikosea, kwani lilikuwa swali lake la kwanza aliporudi. Nilimjibu kwamba mazungumzo ya mashine huwa yanakuja uchujaji ukiwa umeshuka sana, karibu na 15 au chini, na kwamba kazi yetu ni kuichelewesha safari hiyo au isiwepo kabisa. Akanitazama. "Ungeandika hivyo," akasema. "Mama watoto hajalala siku tatu."

Swali la pili lilikuwa la mfungo. Ramadhani ilikuwa wiki tano mbele, na Fundi hajawahi kukosa kufunga tangu utotoni. Hapa sikuwa na namna ya kupaka asali. Mtu aliyeshuka sukari hadi kuchanganyikiwa mwezi huohuo, figo zake zikiwa bado hazijatulia, akikaa saa 13 bila maji huku ana gliklazaidi mwilini, anaingia kwenye hatari mbili kwa pamoja: sukari kuzama alasiri na figo kukauka. Nilimwomba mwaka huu asifunge. Alichukua barua, akaenda nayo kwa imamu wa msikiti wao, ambaye nilisikia aliisoma yote mpaka mwisho. Fundi akatoa fidia, kulisha maskini kwa kila siku. Aliniambia kwamba kilichomuumiza kilikuwa kula mchana nyumbani kwake mwenyewe amejifungia chumbani kama mwizi.

Muuzaji wa duka la dawa naye aliisoma. Hiyo niliipata kwa mkewe. Mwezi wa pili mgongo ulimzidi, akamtuma kijana wa dukani kwenda kununua kadi yake ya siku zote. Muuzaji akamwambia kijana, nenda kamwambie mzee nimekumbuka barua. Fundi alikasirika siku nzima.

Mwezi wa nne alirudi na kopo bila kuambiwa. Ndani kulikuwa na aina tatu tu na parasetamoli. Sukari ya asubuhi ile ilikuwa 8.2, na katika mashine yake ya nyumbani hapakuwa na namba chini ya 5 kwa wiki zote. Kreatinini 160. Uchujaji 43. Protini kwenye mkojo bado ilikuwepo, alama mbili zilezile.

Nilimweleza kwamba cherehani kama nne zimerudishiwa umeme, na kwamba 64 sidhani tutaiona tena. Imeshapita miezi mitatu tangu kipimo cha kwanza kibovu, na uchujaji unaokaa chini ya 60 kwa muda huo tunauhesabu kuwa ugonjwa wa kudumu. Metfomini inabaki kimoja na kimoja. Kipimo kijacho ni mwezi wa saba.

Alikuwa ameikunja barua ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na karatasi ya vipimo vya suti ya mtu. Aliitoa, akaitandaza juu ya meza, akaonyesha kwa kidole pale nilipoandika kuhusu 30. Alikuwa ameweka alama ya chaki ya cherehani pembeni.

"Ikifika hapa utaniandikia nyingine?"

"Nitakuandikia, Fundi."

"Basi hiyo andika herufi kubwa," akasema. "Mjukuu anakwenda bweni mwezi wa sita."